Karatasi ya mkopo ina maswali manne tu

Kwenye kipindi tuligusia mikopo kwa dakika chache tu, na meseji zikaja nyingi kuliko tulivyotegemea. Wengi mnauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti: mtu amepewa ile karatasi yenye safu nyingi za namba, ratiba ya marejesho, atajuaje kama namba zake ziko sawa? Wengine mnaulizia mkopo wenu wenyewe, ila wengi ni wa mama, wa baba, wa shangazi. Si mnajua kwetu mambo yanavyokwenda. Barua ikiwa na Kiingereza kingi na namba nyingi, inaishia kwa mtoto aliyesoma.

Habari njema ni kwamba huhitaji kuwa mhasibu. Unahitaji kalkuleta ya simu, dakika kumi na tano, na maswali manne. Habari mbaya ni kwamba watu wengi huuliza matatu tu, na mara nyingi kosa linajificha kwenye lile la nne.

Kwanza tuelewane maneno

Kila mstari wa ratiba ni mwezi mmoja. Mstari unaanza na salio la mwanzo, yaani deni unaloingia nalo mwezi huo. Halafu kuna rejesho, zile hela zinazotoka benki kwako. Rejesho linagawanyika mara mbili: sehemu moja ni riba, malipo ya mkopeshaji kwa kukuachia hela zake, na sehemu nyingine inapunguza deni la msingi, zile hela ulizokopa wenyewe. Mwisho wa mstari kuna salio la mwisho, deni linalobaki.

Tuchukue mkopo wa pauni 3,000 kwa miezi 12, riba asilimia 1 kwa mwezi, ikipigwa kwenye salio linalopungua. Rejesho la kila mwezi linakuwa pauni 266.55. Mwezi wa kwanza riba ni asilimia 1 ya 3,000, yaani pauni 30. Kwa hiyo zilizokwenda kwenye msingi ni 266.55 toa 30, sawa na 236.55. Salio la mwisho ni 3,000 toa 236.55, sawa na 2,763.45. Mwezi wa pili unaanza na hiyo 2,763.45, riba yake ni 27.63, na mchezo unaendelea hivyo hivyo. Riba inashuka kidogo kidogo, msingi unapanda kidogo kidogo, rejesho linabaki lile lile. Mwisho wa mwaka utakuwa umelipa riba ya pauni 198.56 kwa jumla.

Sasa maswali yenyewe:

1. Riba ukiigawa kwa salio la mwanzo, unapata kiwango kile kile kila mwezi?
2. Riba ukijumlisha na msingi, unapata rejesho?
3. Salio la mwanzo ukitoa msingi, unapata salio la mwisho?
4. Salio la mwisho la mwezi huu ndilo salio la mwanzo la mwezi unaofuata?

Hapo kwenye swali la kwanza kuna mtego mdogo. Kwenye mkataba wa Uingereza utaona ile APR imeandikwa kwa herufi kubwa. Usiigawe kwa 12 ukategemea kupata riba ya mwezi. APR inahesabu riba juu ya riba kwa mwaka mzima, na inabeba pia ada ambazo lazima uzilipe ili upate mkopo. Mkopo wetu wa asilimia 1 kwa mwezi, bila ada yoyote, una APR ya asilimia 12.7, si 12. Ukigawa 12.7 kwa 12 utapata riba ya mwezi wa kwanza ya pauni 31.75, halafu utaanza kumlaumu mkopeshaji kwa kosa ambalo halipo. Njia rahisi ni kuacha karatasi yenyewe ikwambie kiwango chake: chukua riba ya mwezi wa kwanza, igawe kwa mkopo. 30 gawa kwa 3,000 ni 0.01. Hicho ndicho kipimo chako kwa mistari yote inayofuata.

Karatasi ya mjomba

Mjomba wangu anaishi hatua chache kutoka Ealing Road, hapa Wembley. Januari alikopa hizo pauni 3,000 kwa mkopeshaji mmoja mdogo, nisiyemtaja, kwa ajili ya mabati ya nyumba inayojengwa Tanga. Alipewa ratiba safi, mistari 12, rejesho la mwisho pauni 266.51. Hizo peni 4 pungufu ni kawaida, nitaeleza mbele.

Baada ya kulipa mara nne aliomba ratiba mpya, maana alikuwa anafikiria kumaliza deni mapema. Ikaja. Rejesho la kila mwezi lile lile, 266.55. Isipokuwa rejesho la mwisho kabisa, ambalo sasa lilikuwa 315.24. Akapiga simu kuuliza, akaambiwa ni mambo ya kukadiria peni tu, asijali.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi hesabu niliziacha darasa la saba, lakini peni haziwezi kuzaa pauni arobaini na nane."

Na alikuwa sahihi kabisa. Kila riba inakadiriwa kwenye peni iliyo karibu, kwa hiyo kila mstari unaweza kukosea nusu peni, juu au chini. Rejesho lenyewe nalo limekadiriwa hivyo hivyo. Kwa miezi 12, zote zikiegemea upande mmoja, hazifiki hata peni 20. Tofauti ya 315.24 na 266.51 ni pauni 48.73. Hiyo si kukadiria.

Basi tukaanza kuuliza maswali, mstari kwa mstari. Hii ndiyo sehemu yenye utamu:

| Mwezi | Salio la mwanzo | Rejesho | Riba | Msingi | Salio la mwisho |
|---|---|---|---|---|---|
| 3 | 2,524.53 | 266.55 | 25.25 | 241.30 | 2,283.23 |
| 4 | 2,283.23 | 266.55 | 22.83 | 243.72 | 2,039.51 |
| 5 | 2,084.51 | 266.55 | 20.85 | 245.70 | 1,838.81 |
| 6 | 1,838.81 | 266.55 | 18.39 | 248.16 | 1,590.65 |

Angalia mwezi wa 5 peke yake. Riba 20.85 gawa kwa 2,084.51: asilimia 1, safi. Riba jumlisha msingi: 20.85 na 245.70 ni 266.55, safi. Salio la mwanzo toa msingi: 1,838.81, safi. Maswali matatu ya kwanza yote yamejibiwa vizuri. Ukichukua mstari wowote kwenye ile karatasi ukaupima peke yake, unafaulu.

Sasa uliza la nne. Mwezi wa 4 umeisha na 2,039.51. Mwezi wa 5 umeanza na 2,084.51. Katikati ya mistari miwili, mahali ambapo hapajaandikwa kitu, deni limekua kwa pauni 45.

Ndiyo maana nasema swali la nne ndilo lenye kazi. Ratiba inatengenezwa na kompyuta, na kompyuta haikosei kuzidisha. Mstari mmoja mmoja karibu siku zote utakuwa sawa. Kosa linaingia pale mtu au mfumo unapobadilisha salio kwa mkono kati ya mwezi na mwezi, halafu kompyuta inaendelea kuhesabu vizuri kabisa kutoka kwenye namba mbaya.

Na zile 45 hazikukaa 45. Zilipoingia kwenye salio zikaanza kutozwa asilimia 1 kila mwezi kama deni lingine, na kwa kuwa rejesho halikubadilika, zikasukumwa mpaka mwisho. Kwa miezi minane, Mei hadi Januari, pauni 45 zikawa 48.73. Ndiyo tofauti ile ile ya rejesho la mwisho, mpaka peni. Namba zikikubaliana hivyo, unajua umepata sababu yote, si nusu yake.

Zilitoka wapi?

Mjomba akapiga tena, safari hii akiwa na swali moja fupi: "Salio langu lilikuwa 2,039.51 baada ya rejesho la nne. Nani ameongeza 45, lini, na kwa nini?" Hapo hakuna nafasi ya kujibu "kukadiria". Jibu likaja baada ya siku chache: ada ya kuchelewa. Rejesho la nne lilitakiwa Jumatatu ya kwanza ya Mei. Siku hiyo ni sikukuu ya mabenki hapa Uingereza, hela zikatoka Jumanne, mfumo ukamhesabu kama amechelewa.

Ada ikafutwa, pamoja na riba yake, na ratiba ikatolewa upya. Lakini hata kama kweli angekuwa amechelewa, ile karatasi bado ingekuwa na tatizo, na hili ni zuri kulijua. Sheria ya Mikopo ya Walaji ya Uingereza, ya mwaka 1974 na marekebisho yake, inasema mambo mawili kuhusu ada za namna hii. Kifungu cha 86E kinamtaka mkopeshaji akupe notisi ya maandishi kuhusu ada hiyo, na asitoze riba juu yake mpaka siku 28 zipite tangu akupe notisi. Kifungu cha 86F kinasema riba juu ya ada hiyo iwe ya kawaida tu, isiwe riba juu ya riba. Ndani ya salio la mkopo, riba inazaa riba kila mwezi. Kwa hiyo ada ya kuchelewa haina mahali pake ndani ya salio. Inatakiwa ikae pembeni, kwenye safu yake, na ionekane.

Kwa pauni 45 tofauti ya riba ya kawaida na ile iliyozaliana ni peni 13 tu, 3.60 dhidi ya 3.73. Ndogo, najua. Lakini angekuwa anamaliza deni baada ya mwezi wa 6 kama alivyopanga, angeambiwa anabakiwa na 1,590.65 badala ya 1,544.74. Na angelipa, kwa furaha, akijua amemaliza.

Kama una ratiba ndefu

Miezi 12 unaipima kwa kalkuleta. Miezi 60 ya mkopo wa gari, hapana. Nakili namba kwenye Excel au Google Sheets, safu kutoka A hadi F kwa mpangilio ule ule wa jedwali la juu, vichwa kwenye mstari wa kwanza. Halafu weka haya, uyavute mpaka chini:

```
G2: =D2/B2
H2: =ROUND(C2-D2-E2,2)
I2: =ROUND(B2-E2-F2,2)
J3: =ROUND(B3-F2,2)
```

Haya ni maswali yetu manne kwa mpangilio. G inatakiwa iwe na kiwango kimoja kutoka juu mpaka chini, ikitikisika kidogo sana mwishoni ambako riba ni ndogo na peni moja inaonekana kubwa. H, I na J zinatakiwa ziwe sifuri. Kwa karatasi ya mjomba, H na I zote ni sifuri, na J ni sifuri mpaka mwezi wa 5, ambapo panatokea 45 peke yake kama jino la dhahabu.

Kiwango kikipanda kila mwezi

Swali la kwanza nalo lina siku yake. Hili ni kwa wale mnaotumiwa picha na binamu kutoka Nairobi au Dar, "hebu angalia huu mkopo, asilimia 12 tu kwa mwaka, nisaini?"

Chukua shilingi 300,000 za Kenya, miezi 12. Ratiba anayokutumia ina rejesho la 28,000, riba 3,000, msingi 25,000, kila mwezi, bila kubadilika. Inapendeza kwa macho, na inafaulu swali la pili, la tatu na la nne. Sasa uliza la kwanza. Mwezi wa kwanza, 3,000 gawa kwa 300,000: asilimia 1. Mwezi wa saba deni limebaki 150,000 lakini riba bado ni 3,000: asilimia 2. Mwezi wa kumi na mbili deni ni 25,000 na riba ni ile ile 3,000: asilimia 12, kwa mwezi mmoja!

Hiyo ni riba isiyopungua, inayopigwa kwenye mkopo wa mwanzo hata baada ya kurudisha nusu yake. Kwa jumla binamu atalipa riba ya 36,000. Mkopo ule ule wa asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio linalopungua, kama Sacco nyingi za Kenya zinavyofanya, ungemgharimu riba ya kama 19,856. Ukitafuta kiwango kimoja cha kweli kinachozaa yale marejesho ya 28,000, unapata karibu asilimia 1.79 kwa mwezi, yaani kama 21.5 kwa mwaka. Maneno "asilimia 12" si uongo kwa maana ya karatasi. Ila ukiyalinganisha na asilimia 12 ya Sacco unalinganisha papai na pilipili.

Angalieni msichanganye na aina moja halali. Kuna mikopo ambayo msingi ndio haubadiliki, 25,000 kila mwezi, na riba inashuka: 3,000, halafu 2,750, halafu 2,500. Hapo rejesho lenyewe linashuka kila mwezi, na swali la kwanza linajibu asilimia 1 mwanzo mpaka mwisho. Hakuna tatizo. Dalili si rejesho kushuka au kutoshuka. Dalili ni riba kutoshuka wakati deni linashuka.

Kengele za uongo

Kabla hujawasha moto, kuna mambo matatu yanayofanya ratiba nzuri ionekane mbaya.

La kwanza ni peni za mwisho. Rejesho kamili la mkopo wa mjomba lilikuwa 266.5464, likakadiriwa kuwa 266.55. Kila mwezi anazidisha kidogo, ndiyo maana mwezi wa 12 anadaiwa 266.51. Rejesho la mwisho likitofautiana kwa peni chache, lala usingizi.

La pili ni siku. Wakopeshaji wengine hupiga riba kwa siku, si kwa mwezi. Kwa pauni 3,000 na asilimia 12 kwa mwaka, mwezi wa siku 31 unazaa riba ya 30.58, na Februari ya siku 28 inazaa 27.62. Kwa hiyo safu ya G itapanda na kushuka, lakini kwa mpangilio: miezi mirefu juu, Februari chini. Gawa kiwango cha kila mwezi kwa siku zake. Kikitulia, ratiba iko sawa.

La tatu ni mwezi wa kwanza mrefu. Ukipewa hela leo na rejesho la kwanza likawa baada ya siku 45, riba ya mstari wa kwanza kwa hesabu ya siku itakuwa 44.38. Hapo usitumie mstari wa kwanza kama kipimo, tumia wa pili. Ila hakikisha mkataba unataja hizo siku.

Omba karatasi yenyewe

Wengine mtaniambia, mimi sina ratiba, nina apu tu inayoonyesha salio. Kama mkopo wako ni wa kiasi maalumu na muda maalumu, unasimamiwa na sheria ile ya 1974, na haukuwekewa nyumba kama dhamana, kifungu cha 77B kinakupa haki ya kuomba jedwali la marejesho. Unaomba kwa maandishi, hulipi kitu, na jedwali linatakiwa lionyeshe kila rejesho limegawanyika vipi kati ya msingi, riba na gharama nyingine. Sentensi mbili kwenye barua pepe zinatosha.

Ukipata kosa, usiandike "riba yenu ni kubwa". Andika mwezi gani, safu gani, namba iliyopo, namba unayoitegemea, na tofauti yake. Mkopeshaji ana wiki 8 kujibu malalamiko kwa ukamilifu. Zikipita bila jibu, au jibu lisikuridhishe, unaweza kupeleka kwa msuluhishi wa mambo ya fedha, Financial Ombudsman Service, na huduma yake ni bure kwako.

Na ukiwa na ratiba mbili za mkopo mmoja, ya zamani na mpya, usitupe ya zamani. Ziweke pembeni kwa pembeni na anzia pale ulipoishia kulipa. Salio la mwisho la ile ya zamani ndilo linalotakiwa kufungua ile mpya. Kama hazishikani mikono hapo, umeshajua pa kuuliza.